Korosho za Mtwara kama ushahidi, na korosho za Mtwara kama pambo

Kwenye masomo ya maendeleo kuna swali la insha ambalo haliishi kurudi: jadili hoja kwamba sera za serikali ndizo zilizoporomosha mazao ya biashara Tanzania katika miaka ya 1970 na 1980, ukitumia mifano. Wengi hukimbilia korosho, na hawakosei. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani zipatazo 145,000. Kufikia 1986/87 zilikuwa zimeshuka chini ya tani 20,000. Anguko kubwa kiasi hicho lazima lielezwe, na hapo ndipo msahihishaji anapojua kama mwanafunzi anauelewa mfano wake au ameuokota njiani.

Nitaonyesha aya tatu za aina ninazokutana nazo. Nimezitunga upya mwenyewe, si za mwanafunzi yeyote. Tuseme kila aya ina alama 5.

Ya kwanza inakwenda hivi: “Sera za serikali ziliwaathiri wakulima vibaya. Kwa mfano, wakulima wa korosho Mtwara, kahawa Kilimanjaro, pamba Mwanza na mkonge Tanga walikata tamaa.” Kipimo changu hapa ni cha haraka. Napanga upya majina: kahawa naipeleka Kagera, pamba naipeleka Shinyanga. Sentensi inabaki vilevile, haipungukiwi wala haiongezeki kitu. Basi majina yale hayabebi hoja yoyote. Tena mkonge umemponza. Ulikuwa zao la mashamba makubwa kuliko la wakulima wadogo, na bei yake ilianza kuanguka katikati ya miaka ya 1960, nyuzi za viwandani zilipoingia sokoni. Kuuweka kapu moja na korosho ni kuonyesha kwamba hukutazama kilichomo ndani. Alama 1.

Ya pili ina nguvu zaidi: “Kabla ya Operesheni Vijiji uzalishaji wa korosho ulikuwa tani 145,000. Baada ya watu kuhamishiwa vijijini, ulishuka mwaka hadi mwaka. Hii inathibitisha kwamba vijiji viliua korosho.” Hapa kuna zao, kuna kiasi, kuna mfuatano wa wakati. Ukibadilisha korosho ukaweka mahindi, sentensi inavunjika, na hiyo ni dalili njema. Lakini jambo moja kutangulia jingine hakutoshi kuwa sababu yake. Aya haijaniambia kuhamishwa kulifanya nini hasa kwenye mkorosho. Neno “inathibitisha” limebeba mzigo ambao sentensi mbili za nyuma hazikuufunga. Mwandishi wa aina hii nampa alama 2 na nusu, na pembeni naandika: kwa njia gani?

Aya ya tatu inajibu hilo. Inaeleza kwamba mkorosho ni mti wa miaka mingi. Mkulima wa mahindi akihamishwa, hulima shamba jipya msimu unaofuata, ila mkorosho hauhamishiki. Watu waliopelekwa vijijini kati ya 1973 na 1976 waliiacha miti yao mbali. Kuifuata kwa ajili ya kupalilia, kupogolea na kuokota ikawa safari, na mashamba yakaingia pori. Kisha mwandishi anajipinga mwenyewe: kama tatizo lilikuwa umbali peke yake, uzalishaji ungeshuka kwa miaka michache halafu ungetulia, kwa kuwa mkorosho mpya huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi. Mbona uliendelea kushuka hadi 1986/87, miaka kumi baada ya operesheni kwisha?

Ndipo analeta ubwiriunga, ukungu unaoshambulia majani machanga na maua ya mkorosho, uliotambuliwa kusini kuwa tatizo kubwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970. Ua likiungua hakuna korosho, hata kama mti uko nyuma ya nyumba. Analeta pia bei: mamlaka ya korosho ilikuwa mnunuzi pekee, na sehemu iliyomfikia mkulima kutoka kwenye bei ya nje ilizidi kupungua. Mwishowe anaunganisha: mti usiopogolewa, uliosongwa na matawi na kichaka, ndio ukungu unaoupenda. Kwa hiyo sera na ugonjwa havishindani hapa. Sera iliuacha mti bila mtu wa kuutunza, ugonjwa ukamalizia, na bei ndogo ikamwondolea mkulima sababu ya kurudi shambani.

Hiyo naipa 4 na nusu. Nusu iliyobaki ningempa kama angeona mpaka wa ushahidi wake. Anamaliza kwa kusema uzalishaji ulipovuka tani 100,000 tena mwishoni mwa miaka ya 1990, salfa iliyofanyiwa utafiti kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, ilithibitika kuwa ndiyo dawa ya ubwiriunga. Salfa ilisaidia kweli, hilo halina ubishi. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanunuzi binafsi nao waliruhusiwa, bei ikabadilika, na baadhi ya watu walikuwa wamekwisha kurudi karibu na mashamba yao ya zamani. Mambo yote matatu yalikuja kwa kukaribiana, kwa hiyo kupanda kwa uzalishaji peke yake hakuwezi kutuambia lipi lilichangia kiasi gani. Aliyeandika hivyo angestahili alama zote.

Kuna mfano mwingine unaowasumbua wasahihishaji: ushuhuda wa nyumbani. Mwanafunzi anaandika kwamba babu yake alihamishwa, akawa anakwenda kwa miguu kuokota korosho kwenye shamba la zamani misimu miwili mitatu, kisha akaacha. Wenzangu wengine huufyeka kwa kalamu nyekundu kwa sababu haumo kitabuni. Mimi siufyeki. Ushuhuda huo unaonyesha vizuri jinsi umbali unavyofanya kazi, pengine kuliko takwimu ya taifa. Kitu usichoweza kuonyesha ni ukubwa wa jambo. Mwanafunzi akiutumia kueleza namna mambo yalivyotokea, akataja aliyemsimulia na wilaya, anapata alama kamili. Akitoka kwa babu mmoja akaruka hadi “wakulima wote wa kusini”, alama inapungua hapohapo kwenye mruko.

Makosa ya tarakimu hayana uzito sawa. Kwenye mtihani wa kukaa ukumbini, aliyeandika 154,000 badala ya 145,000 simkati kitu, maana hoja yake haitikisiki. Aliyeandika kwamba kilele cha uzalishaji kilikuja baada ya operesheni amepoteza aya nzima, kwa kuwa hoja yote imeegemea kwenye huo mfuatano.

Sehemu kubwa ya lawama, nadhani, ni ya miongozo yetu ya usahihishaji. Mwongozo ukisema “mifano, alama 1 kila mmoja, isizidi minne”, mwanafunzi mwenye akili atakupa Mtwara, Kilimanjaro, Mwanza na Tanga kwenye sentensi moja, achukue nne zake aendelee. Ametii alichoambiwa. Kwangu aya ya mfano ina alama 1 kwa tukio lenye mahali na wakati, 2 kwa maelezo ya namna sababu ilivyozaa matokeo, 1 kwa kupima maelezo mengine yanayowezekana, na 1 kwa kusema mfano unaishia wapi. Mifano miwili inatosha kwa insha ya kurasa nne. Wa tatu nausoma, ila hauna alama yake.

Tatizo la mpango huu ni muda. Kuhesabu majina ya mikoa ni kazi ya dakika mbili kwa karatasi, wakati kufuata sababu ya mtu kutoka mwanzo hadi mwisho huchukua mara kadhaa ya hapo, na darasa la mwaka wa kwanza lina mamia ya watu. Kwa hiyo kwenye mtihani mkuu naweka swali moja tu la namna hii, na mengine nayapa majibu mafupi.