T-testi ikikupa p ya 0.08, unamwambia bosi nini?

Tuseme una hoteli pale Ngara, wateja wengine wanakula ndani na wengine wanapelekewa chakula na boda. Umeuliza 40 wa kila upande wakupe maksi za kuridhika, 1 mpaka 10. Wa ndani wastani 7.8, wa delivari 7.1. Bosi tayari anasema delivari inatuangusha, lakini ngoja kwanza, ungeuliza watu wengine 40 wastani ungesonga kidogo hata kama jikoni hakuna kitu kimebadilika.

T-testi inauliza tu kama hiyo pengo ya 0.7 ni kubwa kuliko huko kusonga kwa bahati. Hapa maksi za wa ndani zimetawanyika kwa 1.6, za delivari kwa 1.9 (Excel inakupa hizo kwa STDEV.S). Kila moja unaizidisha kwa yenyewe, unagawa kwa 40, unajumlisha hizo mbili, unatafuta kipeuo cha pili, unapata kama 0.39. Hiyo ndio kipimo cha kusonga. 0.7 gawa kwa 0.39 ni karibu 1.8, na hiyo ndio t. Kama maksi ziko kwa kolamu A na B andika:

```
=T.TEST(A2:A41,B2:B41,2,3)
```

Ile 2 ni ya kuangalia pande zote mbili, 3 ni kwa sababu mtawanyiko wa makundi hauko sawa. Kama ni wateja walewale umewauliza kabla na baada, basi hapo weka 1 badala ya 3.

Inakupa p ya kama 0.08, na hapa ndio watu wengi wanapotea. Haimaanishi kuna asilimia 8 ya uwezekano kwamba makundi yako sawa. Maana yake ni, kama kweli yangekuwa sawa, sampuli kama hizi zingetoa pengo la 0.7 ama zaidi, upande wowote, kama mara 8 kwa 100. Na kwa vile imepita 0.05, ule mpaka watu wengi wanatumia, mtu anaandika kwa ripoti "hakuna tofauti", hapana! Data haijasema hivyo. Chukua 0.7, toa na uongeze kama 0.78 (hiyo ni 0.39 mara mbili hivi), unaona pengo la kweli linaweza kuwa karibu sifuri ama karibu maksi 1.5 nzima, na maksi 1.5 ni mteja anahama.

Kwa hivyo mimi ningemwambia bosi: delivari inaonekana chini lakini bado hatuna uhakika, tuulize kama 100 kila upande. Kama pengo la kweli ni 0.7, hapo tuna nafasi kama ya asilimia 80 ya kulinasa. Na wote waulizwe njia moja, kwa sababu ukiuliza wa ndani uso kwa uso na weita amesimama hapo, wa delivari kwa simu, hiyo pengo inaweza kuwa ni aibu tu ya kumpa mtu maksi mbaya akiwa mbele yako, na t-testi haiwezi kukuonyesha hiyo.