Kutoka tarakimu sita za rejea ya gridi hadi mita kamili

Chukua karatasi ya ramani ya Tanzania ya skeli 1:50,000 inayoonyesha mji wa Morogoro. Imekatwa na mistari inayofanya miraba. Kila mraba ni kilomita moja kwa kilomita moja, na kwenye karatasi upande wake ni milimita 20. Mistari iliyosimama inahesabiwa kuelekea mashariki na namba zake wapimaji huziita istingi. Iliyolala inahesabiwa kuelekea kaskazini, nazo ni nothingi.

Tuseme kuna kisima unachotaka kukitaja. Shika kona ya kusini magharibi ya mraba ambamo kisima kimo. Mstari uliosimama kushoto kwake umeandikwa 52 kwa tarakimu kubwa, na uliolala chini yake 46. Istingi hutangulia daima, kwa hiyo mraba huo ni 5246. Sasa gawa upande wa mraba kwa macho katika sehemu kumi: kisima kimeshapita sehemu sita kwenda mashariki na sehemu tatu kwenda kaskazini. Rejea yake ni 526463.

Namba hiyo ni jina la kamraba ka mita 100 kwa 100. Si nukta. Ndiyo maana hatukadirii kwenda juu: kitu kilicho kwenye sehemu ya sita na nusu, au hata sita na tisa, bado kimo ndani ya kamraba ka sita.

Wengi hukwama wanapotakiwa kuigeuza rejea kuwa mita. Ukingoni mwa ramani utaona kwamba mbele ya 52 kuna 3 ndogo, na mbele ya 46 kuna 92 ndogo. Hizo ndogo ndizo rejea ya tarakimu sita inaziacha. Zirudishe: mstari wa 52 uko mita 352,000 na wa 46 uko mita 9,246,000. Hivyo 526463 inakupa istingi 352,600 na nothingi 9,246,300, yaani kona ya kusini magharibi ya kale kamraba. Kama huna ramani mkononi na unataka nukta moja ya kuwakilisha, ongeza mita 50 kila upande ufike katikati. Asiyeongeza huviburuta visima vyake vyote kusini magharibi.

Ukiwa na ramani yenyewe, usiridhike na hapo. Pima kwa rula. Milimita moja ni mita 50, lakini hesabu hiyo ni kweli tu kama karatasi haijabadilika. Karatasi husinyaa na kutanuka kwa unyevu, na mashine ya kurudufia hupunguza ukubwa bila kukuambia. Kwa hiyo pima kwanza miraba yenyewe, mitano kwa pamoja ili kosa la jicho ligawanyike. Kwenye nakala yangu mitano ikatoa milimita 97 kwa upana, sawa na 19.4 kwa mraba mmoja, na 98.5 kwa urefu, sawa na 19.7. Nakala imevutwa bila usawa, jambo la kawaida.

Kisima kiko milimita 13.5 kutoka mstari wa 52. Gawanya 13.5 kwa 19.4, zidisha kwa 1,000: mita 696. Kutoka mstari wa 46 ni milimita 7. 7 kwa 19.7 ni mita 355. Basi kisima kiko istingi 352,696, nothingi 9,246,355. Ningezidisha 13.5 kwa 50 moja kwa moja ningepata 675, pungufu kwa mita 21.

Hata hivyo usiziamini tarakimu zote hizo. Rula husomeka hadi nusu milimita, nayo ni mita 25 ardhini. Andika 352,700 na 9,246,360, na hata hiyo kumi ya mwisho ni heshima tu.

Mbali na namba, andika ukanda, hapa ukanda wa 37 kusini wa UTM, mfumo wa gridi unaoigawa dunia katika kanda, kwa sababu 526463 hujirudia kila baada ya kilomita 100. Andika pia datamu iliyotajwa pembezoni mwa ramani, yaani msingi wa vipimo vya dunia ambao ramani imechorwa juu yake. Ramani zetu nyingi za zamani ni Arc 1960, ilhali GPS ya simu hufuata WGS84. Eneo la Morogoro, kisima kilekile kwenye WGS84 kitasoma nothingi pungufu kwa takriban mita 300 na istingi zaidi kwa karibu mita 90. Dalili yake haifichiki: kosa la rula humtupa mtu huku na kule, lakini kosa la datamu huhamisha kila nukta upande uleule, kwa umbali uleule. Ukifika visima vitatu na vyote viko mita 300 kusini ya GPS inapokupeleka, acha kulaumu rula.