Siri ya kazi inayoendelea si siri ya milele

Wiki iliyopita, katika semina ya mawakili vijana hapa Tanga, nilisikia tena kauli ambayo nimeijibu kwa miaka mingi: kwamba chombo cha usalama kikianza kuulizwa, siri zimekwisha kuvuja. Kauli hiyo inachanganya siri ya kazi inayoendelea, ambayo sijaona mtu makini akidai iwekwe wazi, na siri ya kwamba kazi hiyo iliwahi kufanyika. Mgogoro uko kwenye hii ya pili.

Mwaka 2008, Sam Sole, mwandishi wa habari za uchunguzi wa Afrika Kusini, alishuku kwamba simu zake zinasikilizwa. Mwaka uliofuata alikwenda kwa Mkaguzi Mkuu wa Ujasusi, ofisi iliyowekwa kisheria kuvisimamia vyombo hivyo, akajibiwa kwamba hakuna kosa lililoonekana, bila kuambiwa kama kweli alisikilizwa. Alikuja kupata uhakika mwaka 2015, pale maandishi ya mazungumzo yake na mwendesha mashtaka yalipoambatishwa kwenye nyaraka za kesi ya Jacob Zuma. Msimamizi alikuwepo, na sharti la kibali cha jaji lilikuwepo. Lakini vyote hivyo havimsaidii mtu asiyejua kwamba ana jambo la kulipeleka mahakamani.

Tarehe 4 Februari 2021, Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo haikupiga marufuku kusikiliza simu ya mshukiwa kwa kibali. Iliagiza, wakati Bunge likisubiriwa kurekebisha sheria, kwamba mhusika aarifiwe kwa maandishi ndani ya siku 90 baada ya kibali kwisha muda. Iwapo taarifa hiyo itaharibu lengo la uchunguzi, jaji anaweza kuizuia kwa siku zisizozidi 90 kila mara, na kwa jumla isipite miaka miwili.

Hapo nina mashaka yangu. Jaji anayeombwa kuizuia taarifa husikiliza upande mmoja tu, kwa kuwa wa pili hajui kitu. Tena miaka miwili naiona michache pale ambapo mtoa habari bado anaishi miongoni mwa watu hatari, na taarifa yenyewe inaweza kuwafanya wamtafute aliyewasema. Sijapata kanuni inayomlinda huyo na kumtendea haki aliyesikilizwa bure.

Sheria yetu ya Usalama wa Taifa, ilipopitishwa mwaka 1996, ilikataza kumfuatilia mtu kwa sababu tu ya kushiriki maandamano halali au kuipinga Serikali. Katazo hilo nalipenda sana, ila aliyefuatiliwa atajuaje kwamba limevunjwa?

Kijana mmoja aliniuliza, “Wakili, sasa nani amwambie?” Nilimjibu kwamba kwa agizo lile la mwaka 2021 ni yule yule aliyeomba kibali, naye hupewa siku 15 za kumthibitishia jaji kwa maandishi kwamba amekwisha kumwarifu.