Soda yenye mende: dhana potofu kuhusu kiwanda na uzembe

Mada hii ya dhima ya mtengenezaji kwenye sheria ya biashara watu wanaikariri kwa jina la kesi ya konokono tu, halafu swali likija limebadilishwa kidogo wanapotea. Kwenye vikundi vya kusoma hapa Tunguu nasikia makosa yaleyale kila muhula na yananiuma kwa sababu ni mambo yanayoeleweka kabisa mtu akipewa mfano mmoja akakaa nao. Basi nachukua mfano wa kubuni, tukae nao mpaka mwisho.

Asha kaingia dukani Wete kanunua soda mbili za tangawizi, chupa za kahawia zile usizoona ndani, moja yake moja ya wifi yake Time. Time kanywa nusu, akamimina iliyobaki kwenye gilasi, mende aliyeoza akatoka. Usiku ule Time katapika, kalazwa Chake Chake siku 3, katumia shilingi 90,000 za dawa na usafiri. Asha yake hakuifungua hata kidogo, ila roho imemtoka, hataki tena.

Dhana: Time hakununua, kwa hiyo hana wa kumdai.

Hii ndo ya kwanza na ilikuwa kweli kabisa zamani. Mawakili walikuwa wanauliza tu, una mkataba na nani? Time hana mkataba na mwenye duka, pesa ilitoka kwa Asha, na kiwanda ndo kabisa hawajuani. Kilichobadilisha ni kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson. Agosti 1928 pale Paisley, Uskoti, bibi mmoja alinunuliwa bia ya tangawizi na rafiki yake mkahawani, chupa nyeusi, akanywa, iliyobaki ilipomiminwa akasema katoka konokono aliyeoza. Mwaka 1932 majaji wa Baraza la Mabwana kule London, mahakama ya juu kabisa ya wakati ule, 3 kwa 2, wakasema mtengenezaji anayetoa bidhaa akikusudia imfikie mtumiaji vilevile ilivyotoka kwake, bila nafasi ya maana ya mtu kuikagua njiani, ana wajibu wa uangalifu kwa huyo mtumiaji. Jaji Atkin akaeleza kwamba jirani yako kisheria ni yule ambaye ulipaswa kumfikiria kwamba kitendo chako kinaweza kumdhuru. Mahakama zetu zimerithi komoni loo ya Kiingereza, yaani sheria inayojengwa na hukumu za majaji, ndo mana hiyo kesi inasomwa Zanzibar mpaka leo. Kwa hiyo Time anakidai kiwanda moja kwa moja, kwa uzembe.

Na hapohapo niseme hili, konokono hakuthibitishwa mahakamani hata siku moja. Majaji waliulizwa swali la sheria tu, kwamba tukichukulia maelezo ya bibi ni ya kweli, je ana kesi? Wakasema ndio, halafu shauri likaisha kwa suluhu kabla ya ushahidi kusikilizwa. Ukiandika kwamba Stevenson alikutwa na hatia ya kuweka konokono umekosea mara mbili, hili ni shauri la madai, hamna hatia.

Dhana: mende yumo ndani, basi kiwanda kimeshashindwa.

Hapa ndo pagumu na ndo penye maksi. Watu wanasoma noti za Kimarekani ambako dhima bila kosa, yaani mtengenezaji analipa hata kama hakuzembea, ilishaingia, halafu wanaileta kwenye swali la uzembe. Kwenye uzembe Time anathibitisha mambo manne, kiwanda kilikuwa na wajibu kwake, kikauvunja, uvunjaji huo ndo uliomuumiza, na madhara yenyewe ni ya aina ambayo yangetarajiwa. Wajibu tumeshaupata. Kuuvunja ndo kazi, mana Time hajawahi kuingia kiwandani, atajuaje mashine ya kuoshea chupa ilifanya nini siku ile?

Mahakama zina njia ya kumsaidia. Kesi ya Grant, Australia, iliyoamuliwa na Baraza la Faragha, mahakama ya London ya rufaa za makoloni, na kuripotiwa 1936, daktari alivaa nguo za ndani za sufu zilizobakiwa na kemikali ya salfaiti, akapata ugonjwa mbaya wa ngozi. Kiwanda kikajitetea kwamba kimeshauza nguo zaidi ya milioni 4 bila malalamiko. Majaji wakasema kemikali ile isingebaki kama hakuna mtu aliyezembea, na mgonjwa halazimiki kunyoosha kidole kwa mfanyakazi fulani. Tukio lenyewe linasema. Time atasimama hapa.

Lakini angalieni kesi ya Daniels, Uingereza 1938, kwa sababu ndo inayowashtua watu. Mume kanunua limonadi baa, kanywa yeye na mkewe, ndani kuna asidi ya kaboliki. Kiwanda kikaonesha mfumo wake wote wa kuosha na kujaza chupa, jaji akasema hapa hakuna uzembe, kiwanda kikashinda. Mume akalipwa na mwenye baa kwa sababu alinunua kwake, na sheria ya mauzo haiulizi kama muuzaji alizembea, inauliza kama bidhaa ilifaa. Mke, aliyekunywa chupa ileile, akatoka mikono mitupu. Hukumu ile imekosolewa sana baadae na mie naona ilikosewa, mana mfumo mzuri hauzuii mfanyakazi mmoja kuuharibu, lakini inaonesha wazi kwamba kitu kibovu na uzembe si kitu kimoja.

Dhana: Asha nae adai kiwanda, mana soda yake haina thamani tena.

Hapana. Asha hajaumia. Hasara yake ni bei ya soda, na hiyo ni hasara ya pesa tupu, komoni loo haimpi kwa njia ya uzembe. Anarudi dukani kwa mkataba wake, na hata huko ana haki kwa chupa ya Time iliyokutwa na mende, ile nyingine aliyoiogopa tu bila kuifungua ni ngumu kusema ni mbovu. Time kwa mwenye duka hana mkataba, na uzembe wa duka utakuja kama mwenye duka alijua au alipaswa kujua, kwa mfano chupa zimekaa na vifuniko vimelegea akauza tu.

Hapo kwenye kifuniko ndo kiwanda kitapigania. Wakili wake atauliza: nani alifungua, ilikaa wazi muda gani, mende hakuingia jikoni kwa Asha? Kwenye kesi ya Evans, 1936, kioo cha mbele cha gari kilipasuka kama mwaka mmoja baada ya kununuliwa na mdai akashindwa, kwa sababu kingeweza kuharibika wakati wa kufungwa kwenye gari au njiani. Kwa hiyo ushindi wa Time unategemea vitu vidogo sana: mwenye duka akubali kwamba aliifungua mwenyewe kaunta na ikatoa gesi, Time akanywa palepale, chupa na kifuniko vyenye namba ya uzalishaji havikutupwa, vikapelekwa Wakala wa Chakula na Dawa vikiwa na kilichobaki ndani, na daktari wa Chake akaandika kwamba kutapika kule kunalingana na kinywaji kilichooza, si chakula cha usiku. Wote pale nyumbani walikula chakula kilekile, aliyeugua ni yeye peke yake, na hilo nalo liingie kwenye maelezo ya Time siku hiyohiyo.