Tangi Linasomeka Tupu Huku Maji Yanafurika: Kagua Waya Kwanza

Kitengo chetu cha ukaguzi wa vipimo kinazidi kupokea malalamiko ya aina moja: skrini inaonyesha tangi tupu, pampu inaendelea kujaza, maji yanamwagika. Lawama zote hupewa transmita, kifaa kinachopima kina cha maji na kutuma kipimo kwa mkondo wa umeme. Mara nyingi transmita ni nzima. Waya ndio uliokatika, na kidhibiti hakikupangwa kuligundua hilo.

Transmita ya nyaya mbili hupata umeme na kutuma kipimo kupitia nyaya zilezile. Ndiyo sababu kipimo cha chini kabisa ni miliampea 4, yaani mA 4, na si 0: mkondo huo huiendesha transmita hata tangi likiwa kavu. Basi tangi tupu lina mkondo, waya uliokatika hauna. Tunaomba watu waache kudai kwamba hizo mA 4 zinapotea bure.

Chukua tangi la kina cha mita 8. Kila mA 1 inayozidi 4 ni nusu mita, kwa hiyo mA 12 ni mita 4, na mA 20 ni tangi lililojaa. Waya ukikatika mkondo unakuwa 0, na hesabu inatoa mita -2. Kwa kuwa kina hasi hakipo, mpangaji wa programu huamuru kila kilicho chini ya sifuri kisomeke sifuri. Kwa amri hiyo moja, waya uliokatika unageuka tangi tupu, na pampu inawashwa.

Pendekezo NE 43 la NAMUR, chama cha watumiaji wa mitambo ya otomatiki viwandani, linataja mipaka: mA 3.8 hadi 20.5 ni kipimo, mA 3.6 kushuka chini, au 21 kwenda juu, ni hitilafu. Hitilafu ichunguzwe kwenye mkondo wenyewe, kabla haujageuzwa kuwa mita, na ikitokea pampu isimame.

Mkaguzi akifika hufanya hivi. Waendeshaji huarifiwa kwanza, kisha pampu huwekwa katika uendeshaji wa mkono. Waya mmoja hufunguliwa kwenye transmita. Kengele ya hitilafu lazima ilie, na amri ya kujaza lazima ifutike. Waya hurudishwa, kipimo hulinganishwa na cha awali, matokeo huandikwa. Kengele isipolia hatutii saini, na ukaguzi hurudiwa wote baada ya marekebisho, hata kama kipimo chenyewe ni sahihi. Penye gesi inayoweza kulipuka, waya haufunguliwi bila kibali cha kazi.

Jaribio hili halitambui unyevu. Maji yakiingia kwenye kisanduku cha viungio, mkondo huvuja kando ya transmita na kujumlishwa na wake. Uvujaji wa mA 1 unaongeza nusu mita isiyokuwepo, na hakuna kengele italia kwa sababu mkondo bado uko ndani ya mipaka. Tangi likiwa kavu kabisa, ukikuta mA 5 badala ya 4, fungua kisanduku kabla ya kugusa marekebisho ya transmita.