Uchovu wa alati za PR ni nini, na kwa nini chaneli inalia kutwa lakini rivyu hazisogei

Uchovu wa alati ni ile hali ambayo simu au kompyuta inalia mara nyingi mpaka mtu anaacha kuangalia, na wala hajaamua kuacha, ni kichwa tu kimeshazoea kwamba mara nyingi kinacholia hakimhusu. Kwenye kazi ya PR, yaani pull request, ombi la kuingiza msimbo wako kwenye wa timu baada ya mwenzako kuukagua, utaijua hivi: kuna chaneli ya Slack imefunguliwa kwa ajili ya PR, boti ya GitHub inamwaga ujumbe humo asubuhi mpaka jioni, kila mtu ameizima sauti, halafu PR ya mtu ina siku mbili haijaguswa na mwenyewe anapita inboksi moja moja, "kaka samahani, naomba uniangalizie ile kitu". Ukiona hizo meseji za pembeni ndo zimekuwa njia ya kweli ya kupata rivyu, basi chaneli imeshakufa, imebaki kama konda anayetaja vituo vyote mpaka vya barabara nyingine, abiria wanasinzia na kituo chao kinapita.

Wengi wakifika hapo wanasema tatizo ni wingi wa ujumbe, kwa hiyo wanapunguza punguza kwa kubahatisha. Wingi ni dalili tu. Kinachochanganya ni kwamba tumeunganisha vitu viwili, tukio na zamu. Tukio ni chochote kilichotokea kwenye PR: komiti imepushiwa, mtu kakomenti, testi zimepita, lebo imebadilishwa. Zamu ni jibu la swali moja tu, hii PR saa hii inamsubiri nani? Na majibu ni machache sana, inamsubiri mkaguzi, inamsubiri aliyeiandika, au inasubiri mashine imalize testi. PR moja inaweza kuwa na matukio thelathini na zamu ikahama mara nne tu. Sasa kinachostahili kulia ni zamu kuhama, na kilie kwa yule iliyemwangukia, basi. Mengine yote yakae mahali ambapo mtu akiyataka anayafuata mwenyewe.

Tuchukue mfano ili isiwe hadithi. Tuseme kampuni kwenye GitHub inaitwa `duka`, repo yake ni `duka/malipo`, timu ina watu saba. Siku wanaanza, mtu kaunganisha boti kwenye chaneli kwa amri moja ya `/github subscribe duka/malipo` na hakuna aliyeigusa tena. Hiyo amri ikiachwa hivo hivo inaleta ishu, PR, komiti za branchi kuu, rilisi na deploimenti, halafu baadae kuna mtu alitaka kuona mjadala akaongeza `comments` na `reviews`, mwingine akaongeza `workflows` aone testi za otomatiki zinavyokwenda. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na hakuna anayekumbuka. Kwa hiyo kwanza angalia kilichopo, kisha kata:

```
/github subscribe list features
/github unsubscribe duka/malipo issues commits releases deployments comments workflows
```

Mimi ningebakiza `pulls` na `reviews` tu. `pulls` inaleta PR ikifunguliwa, ikimerjiwa, na ile iliyokuwa drafti ikitolewa kuwa tayari. Komiti za branchi kuu hazina kazi pale maana PR iliyomerjiwa imeshakuambia hiyo habari, unaisoma mara mbili. Komenti ndo zinazoua chaneli kuliko kitu kingine, kwa sababu mkaguzi mmoja makini anaweza kuacha kumi kwenye PR moja na zote ni za mtu mmoja, yule aliyeandika.

Na hapo kwenye komenti kuna tabia moja inafaa kuibadilisha hata kabla ya setingi. Ukiwa kwenye msimbo wa PR na ukatuma komenti moja moja, kila moja inaondoka na notifikesheni yake. Ukibonyeza `Start a review` komenti zinakaa zikisubiri mpaka umalize, zinatoka kwa pamoja na uamuzi wako, umekubali au unataka mabadiliko. Hiyo ya pili ndo inahamisha zamu. Ya kwanza inamwacha mwandishi hajui umemaliza au bado uko katikati, anaanza kurekebisha huku wewe bado unaongeza.

Sasa upande wa pili, na hapa ndo PR nyingi zinafia. Mwandishi akisharekebisha akapushi, watu wanadhani mkaguzi ataambiwa "sasa ni zamu yako". Hapana. Kupushi ni tukio tu. GitHub hairudishi zamu kwa mkaguzi mpaka mwandishi abonyeze ule mshale wa kuzunguka pembeni ya jina la mkaguzi kwenye orodha ya `Reviewers`, yaani kuomba rivyu upya. Asipobonyeza, mwandishi anamsubiri mkaguzi na mkaguzi anaamini anamsubiri mwandishi, wote wawili wako sawa kwa wanachokiona. Hakuna setingi ya Slack itakayoziba hilo pengo, ni lazima timu ikubaliane kwamba ukimaliza marekebisho unabonyeza.

Haya, tuje kwenye nani anaitwa. Hapo `duka` faili la `CODEOWNERS`, lile linalosema nani anaitwa kukagua sehemu gani ya msimbo, lilikuwa na mstari mmoja, `*` na jina la timu nzima. Maana yake kila PR inaita watu saba, na kitu kilichoitiwa watu saba kila mmoja anajua kuna wengine sita. Kuna dawa mbili na zinaenda pamoja. Ya kwanza ni kulichonga faili lenyewe:

```
*                    @duka/backend
/malipo/             @duka/malipo-timu
package-lock.json
```

Faili hili linasomwa kwa kanuni kwamba mstari wa mwisho unaolingana ndo unaoshinda, kwa hiyo vya jumla vinakaa juu na vya pekee chini. Ule mstari wa mwisho hauna mwenyewe, na ni makusudi, maana yake faili hilo likibadilika peke yake haliiti mtu. Ila angalia, kama branchi yenu inalazimisha kibali cha mwenye msimbo basi faili lisilo na mwenyewe halitadai hicho kibali, kwa hiyo usifanye mchezo huo kwenye folda za siri au za usalama ati kwa ajili ya kupunguza kelele.

Dawa ya pili iko kwenye setingi za timu ndani ya GitHub, sehemu ya `Code review`. Ukiwasha ugawaji wa otomatiki, timu ikiombwa rivyu GitHub inachagua mtu au watu kadhaa na kuwaweka badala ya timu, ama kwa kupokezana au kwa kuangalia nani ana mzigo mdogo. Kuna kisanduku cha kuwaarifu waliochaguliwa tu, ukikisahau hicho kelele inabaki ile ile. Mtu akiwa likizo aweke stetasi yake ya `Busy`, mgao utamruka. Kwa repo za siri hii inataka mpango wa kulipia, kama hamnao basi andikeni zamu kwa mkono na mwandishi amtaje mtu mmoja kwa jina, inafanya kazi vizuri tu.

Mpaka hapo kila mtu sasa anaitwa yeye, kwa hiyo arifa inafaa imfuate yeye na siyo chaneli. Kila developa aende kwenye setingi zake binafsi, `Scheduled reminders`, aunganishe Slack, awashe arifa za papo hapo kwa mambo machache: nimepewa rivyu, PR yangu imekubaliwa au imeombwa mabadiliko, nimetajwa, testi za PR yangu zimefeli. Ona kwamba zote hizo ni zamu. Ile ya "timu yako imepewa rivyu" iacheni, mgao umeshaifanya haina kazi.

Chaneli yenyewe inabaki na kazi gani? Kumbusho. Arifa ya papo hapo ikikukuta kwenye mkutano imepita, kwa hiyo inahitajika kitu kinachorudi kuuliza, na hicho ni kumbusho la timu lenye ratiba, lipo huko huko `Scheduled reminders` upande wa timu. Ningeliweka mara mbili kwa siku, asubuhi watu wakishakaa na tena baada ya chakula cha mchana, na mhakikishe saa ni za kwenu maana mtu aliyepo ughaibuni akiweka kwa saa zake mtakumbushwa usiku. Kisha chuja: drafti zisiingie, na weka umri wa chini ili PR ya nusu saa isionekane kama imechelewa. Usipochuja, kumbusho linakuwa orodha ile ile ya PR kumi na tano kila siku, nusu yake zimetelekezwa tangu mwezi uliopita, na wiki ya pili hakuna anayeisoma. Kwa hiyo kabla ya kuliwasha fungeni zile mfu au mzirudishe drafti.

Kitu kimoja hakifai kunyamazishwa hata kidogo, branchi kuu ikivunjika. Hiyo haina zamu ya mtu mmoja kwa sababu inawazuia wote. Tumekata `workflows` pale juu, basi weka hatua ya mwisho kwenye jobu ya testi inayotuma ujumbe Slack kwa sharti hili tu:

```yaml
if: failure() && github.ref == 'refs/heads/main'
```

Ujumbe huo uende chaneli nyingine, ambayo mtu haruhusiwi kuizima. Ikilia, kweli kuna jambo. Na kama testi zenu zina ile tabia ya kufeli leo na kupita kesho bila sababu, rekebisheni hizo kwanza, la sivyo hiyo chaneli nayo itazimwa.

Kujua kama imesaidia msihesabu ujumbe uliopungua, huo utapungua hata mkizima kila kitu. Chukueni PR za wiki mbili kabla na wiki mbili baada, muangalie kutoka PR kuwa tayari mpaka rivyu ya kwanza ilichukua muda gani, na mzipange namba kwa ukubwa mtumie ile ya katikati siyo wastani, maana PR moja iliyolala wiki nzima inaharibu wastani wote. Ikiwa muda haujasogea na meseji za "naomba uniangalizie" bado zipo, fungueni PR tatu zilizochelewa mfuate zamu ilipokwama. Mara nyingi mtakuta moja wapo: mwandishi hakuomba rivyu upya, aliyepewa hajaunganisha akaunti yake na Slack kwa hiyo hakusikia chochote, au mgao umemwangukia mtu mmoja kila mara kwa sababu folda hiyo ina mwenyewe mmoja tu. Hiyo ya mwisho haitibiki kwa setingi za arifa, hapo anatafutwa mtu wa pili wa kuijua hiyo folda.