Kihusishi Mwishoni mwa Sentensi ya Kiingereza

Hivi kumalizia sentensi ya Kiingereza kwa kihusishi, neno kama "in", "with" au "from", ni kosa kweli? Na kama si kosa, mbona walimu bado wanatukatia kwa kalamu nyekundu?

Si kosa, na Waingereza walikuwa wakimalizia sentensi namna hiyo karne nyingi kabla ya mtu kulalamika. Lawama iliyovuma zaidi ni ya mshairi John Dryden, mwaka 1672. Alimkosoa Ben Jonson, marehemu wakati huo, kwa mstari wa tamthilia yake ya 1611: "The bodies that those souls were frighted from." Hiyo "from" ya mwisho aliiita dosari, bila kutoa sababu, akakiri kwamba hata yeye anayo. Baadaye aliichapisha upya insha yake ya 1668, akiwa amevihamisha vihusishi vya namna hiyo. Huenda kipimo chake kilikuwa Kilatini, ambako kihusishi hakiachwi nyuma peke yake.

Mwaka 1762 Robert Lowth, katika kitabu chake cha sarufi, alisema taratibu zaidi: mtindo huu umeenea katika mazungumzo, ila maandishi rasmi yanapendeza kihusishi kikitangulia. Ulikuwa ushauri tu. Vitabu vya shule vilivyofuata ndivyo vilivyougeuza amri, na amri hiyo ina raha yake kwa msahihishaji: anatazama neno moja kabla ya nukta, anakata, anaendelea. Hahitaji hata kuelewa sentensi.

Ukiifuata kikamilifu, inakwama. Chukua "the house that I live in". Huwezi kusema "the house in that I live". Lazima kwanza "that" iwe "which". Na "the child was looked after"? Hapo "after" haina pa kwenda kabisa. "At what are you looking?" ni sahihi kisarufi, lakini mwulize hivyo rafiki yako uone atakavyokutazama.

Kwetu sisi kuna makosa halisi yanayostahili hiyo kalamu. Kiswahili husema "mtu niliyekwenda naye", na ile "naye" imembeba mtu ndani yake. Mwanafunzi akiihamisha ilivyo, anaandika "the man whom I went with him". Dawa ni kufuta "him" na kuiacha "with" mwishoni bila woga. Kosa la pili huzaliwa na amri yenyewe: mtu anakitanguliza kihusishi, kisha anakirudia, "the house in which I live in". Ukiona umeandika hivyo, futa kimoja, chochote kati ya hivyo viwili.

Kwenye barua ya kazi au insha ya mtihani, "in which I live" ni chaguo la tahadhari, kwa kuwa hujui msahihishaji wako alifundishwa nini. Kwingine kote, andika unavyosema.